Dondoo muhimu: Nguzo moja ikimeza grafu

Ukichora msongamano wa watu kwa sensa ya 2022 kwa ajili ya wasomaji wa Lusu, wilayani Nzega, Dar es Salaam itafika takriban watu 3,865 kwa kilomita ya mraba, Shinyanga 119, Tabora 45 na Katavi 25. Nguzo ya Dar ikiwa sentimita 20, ya Tabora ni milimita mbili tu.

Wengi hukata mhimili: kutoka 150 wanaruka hadi 3,800. Hapo Dar huonekana kama mara mbili ya Shinyanga, ilhali ni zaidi ya mara 32. Alama ya mkato haisaidii. Jicho hupima urefu kabla ya kusoma namba.

Afadhali grafu mbili: ya kwanza mikoa yote, skeli nzima kuanzia sifuri, ya pili mikoa mitatu bila Dar, skeli 0–120, ikiandikwa wazi kuwa imekuzwa. Skeli ya logi (10, 100, 1,000, 10,000) pia inafaa, ila weka nukta badala ya nguzo, kwa kuwa haina sifuri ya kusimamishia nguzo. Na kwa namba nne, kusema kweli, jedwali linatosha.