Ripoti ya Maabara: Mchapuko wa Kigari Kwenye Ubao Ulioinama

Katika sehemu hii utaandika ripoti ya jaribio unalolijua tayari: kigari kinaachiliwa juu ya ubao ulioinama, unapima muda wake, kisha unakokotoa mchapuko, yaani kasi inaongezeka kwa kiasi gani kila sekunde. Kufanya jaribio lenyewe si kazi ngumu. Wanafunzi wengi hukwama kwenye ukurasa wa mwisho wenye kichwa "Uchanganuzi wa Hitilafu". Hapo utasoma sentensi kama hii: "Matokeo yalitofautiana kidogo kwa sababu ya makosa ya kibinadamu na upepo." Sentensi hiyo haina maana. Haisemi kosa lipi, lina ukubwa gani, wala kama lilisukuma jibu juu au chini. Ndiyo maana sehemu za mwanzo tutazipitia haraka, halafu tukae kwenye hitilafu.

Tuchukue kundi la wanafunzi wa kidato cha nne Katilu. Wana ubao wa mita 2.00, kigari cha magurudumu manne, rula ya mita, chaki na stopwochi. Wameinua mwisho mmoja wa ubao kwa matofali hadi ukawa sentimita 13.0 juu kuliko mwisho wa pili. Madirisha ya maabara yako wazi kwa sababu ya joto, na vumbi linaingia. Likumbuke vumbi hilo, tutalirudia.

Lengo, vifaa na utaratibu

Lengo liandike kwa sentensi moja: kupima mchapuko wa kigari kinachoteremka ubao ulioinama na kuulinganisha na ule unaotarajiwa pasipo msuguano. Kwenye vifaa, taja pia kipimo kidogo kabisa ambacho kila chombo kinaweza kusoma: rula milimita 1, stopwochi sekunde 0.01.

Utaratibu uandike kwa wakati uliopita, ukisema kilichofanyika: "Kigari kiliwekwa sehemu yake ya mbele ikiwa kwenye alama ya chaki, kikaachiliwa bila kusukumwa, na muda wa kufika alama ya pili ukapimwa mara tano." Maneno "bila kusukumwa" yana uzito. Kanuni tutakayotumia inakubali tu kigari kilichoanza kikiwa kimetulia:

s = ½at²

kwa hiyo

a = 2s / t²

Eleza pia nani aliachilia kigari na nani alishika saa. Kama mtu aliyeshika saa alisubiri kuona kigari kikianza ndipo akabonyeza, alichelewa. Kama mtu mmoja alifanya yote mawili, kuchelewa kwa mwanzo kunapungua, lakini huenda akabonyeza mapema mwishoni kwa kukisia. Msomaji wa ripoti yako anahitaji kulijua hilo ili aweze kuipima hitilafu.

Matokeo

Kwa umbali wa mita 1.20, kundi letu lilipata sekunde 2.05, 2.11, 2.02, 2.14 na 2.08. Andika zote tano. Usiandike wastani pekee, kwa maana tofauti kati ya vipimo hivi ndiyo malighafi ya uchanganuzi wako. Jumla ni 10.40, na wastani ni sekunde 2.08.

a = 2 × 1.20 / (2.08)² = 2.40 / 4.33 = 0.55 m/s²

Walirudia kwa umbali mwingine na kupata wastani huu:

| s (m) | t (s) | t² (s²) |
|---|---|---|
| 0.40 | 1.19 | 1.42 |
| 0.80 | 1.71 | 2.92 |
| 1.20 | 2.08 | 4.33 |
| 1.60 | 2.39 | 5.71 |

Chora grafu ya s dhidi ya t². Nukta hizi zinakaa karibu sana na mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri, na hiyo inaonyesha kwamba mchapuko haukubadilika njiani. Mwinamo wa mstari ni nusu ya a. Chagua pointi mbili zilizo mbali kwenye mstari wenyewe, usichukue namba za jedwali: (1.00, 0.28) na (5.00, 1.39). Mwinamo ni 1.11 / 4.00 = 0.278, nao ukizidishwa kwa mbili unatoa takriban 0.56. Jibu hili linakubaliana na lile la kwanza.

Hitilafu ya vipimo: ni kubwa kiasi gani?

Sasa tuje kwenye kiini. Stopwochi inaandika hadi sekunde 0.01, na wengi huandika "hitilafu ni 0.01". Hapana. Saa ni makini, lakini kidole si makini. Itazame safu ya vipimo vitano: kidogo kabisa ni 2.02 na kikubwa kabisa ni 2.14. Vimetawanyika kwa 0.12, na nusu yake ni 0.06. Hiyo ndiyo hitilafu ya kuaminika ya muda, mara sita ya ile iliyoandikwa kwenye saa. Kwa asilimia ni:

0.06 / 2.08 × 100 = 2.9%

Kwenye kanuni, muda umezidishwa kwa wenyewe. Kila unapoizidisha t kwa t, hitilafu yake inaingia mara mbili, hivyo t² ina hitilafu ya 5.8%. Umbali, ukikadiria kwamba alama za chaki na jicho vinaweza kukosea kwa sentimita 0.5, una hitilafu ya 0.5 / 120, yaani 0.4% tu. Jumlisha: 6.2%. Asilimia 6.2 ya 0.55 ni 0.034, tunaandika 0.03.

a = 0.55 ± 0.03 m/s²

Angalia kwamba hatukuandika 0.5547. Kama tarakimu ya pili baada ya nukta yenyewe ina shaka, zinazofuata ni mapambo. Hesabu hii inakuambia pia mahali pa kutia juhudi. Kununua rula bora hakutasaidia, kwa sababu umbali unachangia chini ya nusu asilimia. Shida iko kwenye muda. Ukitumia umbali mrefu zaidi, t inakuwa kubwa huku kidole kikibaki kilekile, na asilimia ya hitilafu inashuka.

Je, hitilafu hiyo inatosha kueleza tofauti?

Pasipo msuguano, mchapuko ungekuwa g mara urefu wa kuinuka ukigawanywa kwa urefu wa ubao:

9.81 × 0.130 / 2.00 = 0.64 m/s²

Kuinuka huko kulipimwa kwa rula, na tukikubali kosa la milimita 2, namba hii ni 0.64 ± 0.01.

Hapa ndipo wanafunzi hujaribiwa. Jibu letu ni 0.55, na "jibu sahihi" linaonekana kuwa 0.64. Ukiibadilisha 2.08 kuwa 1.93, utafika 0.64 barabara. Usifanye hivyo. Mtahini akiangalia vipimo vyako vitano ataona kwamba hakuna hata kimoja kilichokaribia 1.93. La pili ni kwamba ungefuta jambo pekee la kuvutia ambalo jaribio limegundua.

Tofauti ni 0.64 − 0.55 = 0.09. Hiyo ni mara tatu ya hitilafu yetu ya 0.03. Kidole kinachotetemeka hakiwezi kuieleza, kwa sababu hitilafu ya aina hiyo hurusha jibu huku na huku, mara juu mara chini. Hii imelivuta upande mmoja, kwenye umbali wote minne, na mwinamo wa grafu umekubali. Hitilafu inayovuta upande mmoja haipungui hata ukirudia kipimo mara mia. Inabidi uitafute chanzo chake.

Pima kila mshukiwa kwa mwelekeo wake. Kuchelewa kuanzisha saa? Muda ungekuwa mfupi kuliko halisi, na a ingekuwa kubwa mno. Sisi tumepata ndogo, kwa hiyo mshukiwa huyu anaachiliwa. Kigari kilisukumwa kidogo wakati wa kuachiliwa? Hapo pia a ingepanda. Uzito wa kigari? Haumo kwenye kanuni. Kigari kizito huvutwa zaidi na ardhi, lakini ni kigumu zaidi kuongeza kasi, na mambo hayo mawili hufutana. Msuguano kwenye ekseli zilizoingia vumbi? Huo unarudisha kigari nyuma na kuipunguza a. Mwelekeo unalingana.

Lakini mwelekeo kulingana bado si ushahidi. Kundi letu lilishusha ubao karibu ulale, kisha wakausukuma mwendo wa kigari kwa kidole na kukiachia. Kwenye ubao tambarare kilipunguza kasi na kusimama. Wakaongeza vipande vya kadibodi chini ya mwisho mmoja hadi kigari, baada ya kusukumwa kidogo, kikatumia muda uleule kwenye nusu mita ya kwanza na ya pili. Hapo mvuto wa mteremko na msuguano vimelingana. Kuinuka kulikohitajika kulikuwa sentimita 1.7. Kwa hiyo kati ya zile sentimita 13.0, sentimita 1.7 ziliishia kupambana na msuguano, na 11.3 pekee ndizo zilizoongeza kasi:

9.81 × 0.113 / 2.00 = 0.55 m/s²

Sasa unaweza kuandika hivi kwenye ripoti yako: "Mchapuko uliopimwa ni 0.55 ± 0.03 m/s². Ni mdogo kuliko 0.64 ± 0.01 m/s² unaotarajiwa pasipo msuguano, na tofauti hiyo inazidi hitilafu ya vipimo. Msuguano ulipimwa peke yake, na ulipoondolewa kwenye hesabu thamani inayotarajiwa ikawa 0.55 m/s². Usahihi wa muda unaweza kuboreshwa kwa kutumia umbali mrefu zaidi." Sentensi nne, na kila moja ina namba au hatua inayoweza kukaguliwa.

Zoezi

1. Kundi lingine limesafisha ekseli na kutia tone la mafuta, bila kubadilisha ubao. Sasa wanapata 0.60 ± 0.03 m/s². Je, wana haki ya kusema kwamba msuguano umepungua? Je, wana haki ya kusema kwamba umekwisha?

2. Shule moja inatumia kifaa kinachochapa nukta kwenye utepe kwa kufuata umeme, nukta 50 kila sekunde. Siku ya jaribio umeme umepotea na jenereta inatoa mizunguko 48 kwa sekunde, lakini wanafunzi wanakokotoa kwa 50 na kupata 0.60 m/s². Onyesha kwamba mchapuko halisi ni takriban 0.55 m/s². Hii ni hitilafu ya aina gani, na je, kurudia jaribio mara kumi siku hiyohiyo kungeifichua?