Dondoo muhimu: Programu za kutambua wapigaji matapeli

Truecaller hulinganisha namba inayopiga na orodha iliyojengwa na watumiaji wenyewe. Namba iliyoripotiwa na wengi huonekana kwa rangi nyekundu. Kwenye Android, ujumbe mfupi huchujwa pale tu programu hiyo inapofanywa kuwa ya msingi ya kusomea meseji.

Tuseme imeingia meseji: “Mkopo wako wa 500,000 umekubaliwa, tuma ada 15,000.” Namba ikitafutwa isionyeshe alama yoyote, hilo si uthibitisho wa usalama. Laini iliyosajiliwa jana bado haina wa kuiripoti, na jina linaloonekana linaweza kuwa alilojiandikisha tapeli mwenyewe, hata “Huduma kwa Wateja”. Kinachomfichua ni ada inayodaiwa kabla ya mkopo, au kabla ya zawadi ya bahati nasibu ambayo mtu hakucheza.

Baada ya kuzuiwa, namba ya tapeli huripotiwa: Tanzania kupitia 15040, Kenya kwa wateja wa Safaricom kupitia 333. Kuzuia pekee humnyamazisha kwenye simu moja tu, naye huendelea kwa majirani.

Programu inayoomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo simuni inaweza kunyimwa. Utambuzi wa wapigaji hauhitaji ruhusa hiyo.