Uandishi wa Barua Rasmi: Kuomba Bila Kushinikiza

Swali

Wewe ni mwalimu wa darasa katika shule ya sekondari ya serikali mjini Kigoma. Waandikie wazazi na walezi barua ya kuwaomba vitabu vya maktaba ya darasa, bila kuwashinikiza.

Uchambuzi wa swali

Watahiniwa wengi hupatia muundo wa barua hii lakini hukosea sharti la mwisho. Huandika, "Kila mzazi alete kitabu kimoja kabla ya Ijumaa," kisha huongeza, "Mchango huu ni wa hiari." Sentensi ya pili haiwezi kufuta amri iliyo katika ya kwanza. Tangu Januari 2016, elimu katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, na michango ya wazazi hutakiwa kuwa ya hiari kweli. Kwa hiyo hiari ionekane katika vitenzi na katika utaratibu wa kupokea vitabu.

Jibu la mfano

Shule ya Sekondari (jina la shule),
S.L.P. (namba),
KIGOMA.
3 Machi 2025.

Wazazi na Walezi,
Kidato cha Pili B,
KIGOMA.

Ndugu Wazazi na Walezi,

KUH: OMBI LA HIARI LA VITABU VYA MAKTABA YA DARASA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaanzisha maktaba ndogo ndani ya darasa. Darasa lina wanafunzi 48 na nakala sita za Takadini, hivyo kila nakala husomwa na wanafunzi wanane.

Ikiwa nyumbani kuna kitabu kisichotumika tena, tutashukuru kukipokea. Kitabu cha zamani kinafaa, mradi kurasa zake ziwe kamili. Tunavyohitaji zaidi ni Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu na kamusi ya Kiswahili.

Ombi hili halihusu fedha. Hatutaandika orodha ya waliotoa wala wasiotoa, na wanafunzi wote watatumia maktaba kwa usawa. Msipokuwa na kitabu, hamhitaji kujibu barua hii.

Sanduku la kupokelea vitabu litakuwa nje ya ofisi ya walimu mwezi wote wa Machi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
(Sahihi)
(Jina la mwalimu)
Mwalimu wa Darasa

Nakala: Mkuu wa Shule

Maelezo

*Vitenzi.* Katika "kila mzazi alete", kiishio -e kinabeba amri, na neno "kila" halimwachi mtu nje. Barua ya mfano imetumia masharti: "ikiwa kuna kitabu" na "msipokuwa na kitabu". Kiambishi -sipo- kinampa mzazi njia ya kutotoa bila kujieleza. Epuka pia "mnatakiwa", "lazima" na "tunategemea kila mmoja wenu".

*Utaratibu.* Shinikizo humfikia mzazi kupitia mtoto. Mwalimu akipokea vitabu mbele ya darasa, au akimtuma mwanafunzi arudishe fomu yenye jina la mzazi, asiyetoa atajulikana na mtoto wake ataona aibu. Sanduku nje ya ofisi na kutokuwepo kwa orodha huondoa hali hiyo.

*Muda.* Wazazi wengi wa Ujiji, Kibirizi na Katonga hutegemea dagaa. Wavuvi huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika siku za mbalamwezi. Siku moja ya mwisho ingewakuta baadhi yao ziwani. Mwezi mzima una giza na mbalamwezi, hivyo kila familia hupata nafasi.

*Hoja.* Mwalimu ametaja upungufu kwa hesabu moja inayoeleweka. Hakusema kuwa watoto watafeli vitabu visipopatikana. Maneno kama hayo ni tishio, hata yakisemwa kwa upole.

Makosa ya kuepuka

Usiweke salamu ndefu za kirafiki katika barua rasmi. Usiseme "vitabu" tu bila kutaja aina, kwa sababu shule itapokea visivyofaa somo. Usiahidi zawadi au kusoma majina ya waliotoa kwenye kikao cha wazazi, kwani sifa kwa baadhi huwa lawama kwa wengine.

Zoezi

1. Andika upya sentensi hii bila shinikizo: "Wazazi wote mnatakiwa kuleta kamusi moja ifikapo Jumatatu."

2. Mzazi asiyejua kusoma ataisikia barua hii ikisomwa na mwanawe. Taja sehemu moja ya barua inayomlinda mtoto huyo, na ueleze jinsi inavyomlinda.