Mama mjamzito na mtindi wa maziwa mabichi

Juzi huku Ngara mama mwenye mimba ya miezi sita aliniuliza: "Bwana mifugo, si mtindi ukishachachuka unakuwa salama?" Hapana. Bakteria wa listeria, na wale wa brusela wanaofanya ng'ombe watupe mimba, wanaweza kubaki hai kwenye mtindi. Listeria anaongezeka hata ndani ya friji. Mama anaweza kupata homa na uchovu tu, akadhani ni malaria, kumbe mimba iko hatarini.

Mtindi wake tulitengeneza hivi:

1. Chemsha maziwa huku unakoroga. Yakipanda, punguza moto, yaendelee kuchemka dakika mbili.
2. Funika yapoe mpaka vuguvugu. Yakiwa moto sana hayagandi.
3. Weka kijiko kimoja cha mtindi kwa lita. Mtindi huo nao uwe wa maziwa yaliyochemshwa, la sivyo umerudisha vijidudu.
4. Gandisha kwenye sufuria iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Kibuyu cha zamani ni kigumu kusafisha ndani.

Na ng'ombe akitupa mimba, mjamzito asishike kitoto wala kondo la nyuma. Akipata homa, awahi kliniki na aseme kama alikunywa maziwa mabichi.