Dondoo muhimu: Kumwandikia mzazi wa mtoto anayechelewa

"Mwanao huchelewa kila siku, nawe hujali masomo yake." Barua pepe kama hii humhukumu mzazi kabla hajasikilizwa. Huko Malvern, Johannesburg, mtoto anayepanda teksi ya abiria Mtaa wa Jules huondoka teksi ikijaa, hivyo huenda kosa si la nyumbani. Afadhali uandike: "Habari za leo, Mama. Jumatatu, Jumanne na Alhamisi mwanao alifika saa 2:15 asubuhi, akakosa mwanzo wa somo la hesabu. Je, kuna kikwazo gani asubuhi? Naweza kukupigia Ijumaa saa 9 alasiri tupange pamoja?" Wapo watakaouita huu ulegevu. Sivyo: siku na saa zilizotajwa hazikanushiki kirahisi, ilhali lawama huzaa ubishi tu. Mwalimu, futa "kila siku" kabla ya kutuma.