Faragha si Siri

Katika tafsiri, wanafunzi wengi huandika "haki ya siri" wanapotaka kusema haki ya faragha. Jihadhari. Siri ni jambo linalofichwa; faragha ni hali ya mtu kutoingiliwa, hata kama hafichi chochote. Tazama mfano: mwajiri anafungua barua ya mfanyakazi wake, na ndani mna salamu tu kutoka kwa mama. Hakuna siri iliyotoka, lakini faragha imevunjwa. Ndiyo maana Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania haiishii kwenye neno moja: inataja nafsi, maisha binafsi, familia, maskani na mawasiliano. Kwa barua hiyo, andika "faragha ya mawasiliano". Nyumba ikipekuliwa kinyume cha sheria, taja maskani.