Integrali Inayorudi: Jinsi ya Kuimaliza kwa Aljebra

Ukipewa ∫ x eˣ dx, kuintegreti kwa sehemu kunakupa nafuu mara moja, kwa kuwa x ukiidiferenshieti inabaki 1 na kazi imekwisha. Sasa jaribu hii:

I = ∫ e²ˣ sin 3x dx

Hapa hakuna kinachopungua. e²ˣ ukiidiferenshieti inabaki e²ˣ, imezidishwa kwa 2 tu. Sini inakuwa kosini, na kosini inarudi kuwa sini. Mwanafunzi anaandika nusu ukurasa, anajikuta ameandika tena swali lilelile aliloanza nalo, anakata mstari mkubwa juu ya kazi yake na kuanza upya. Kumbe alipofika ndipo palipotakiwa. Swali likirudi, unalitendea kama unavyoitendea x kwenye mlinganyo wa kidato cha kwanza: unalihamishia upande mmoja, unagawanya, na jibu unalo.

Ndiyo maana kazi ya kwanza kabisa ni kuipa integrali jina. Iite I, kama hapo juu. Asiyeipa jina haoni inaporudi, au anaiona lakini hajui la kuifanyia.

Fomula tunayotumia ni ile ya kawaida, ∫ u dv = uv − ∫ v du. Chagua u = e²ˣ na dv = sin 3x dx. Basi du = 2e²ˣ dx, na v = −⅓ cos 3x. Weka kwenye fomula:

I = −⅓ e²ˣ cos 3x + ⅔ ∫ e²ˣ cos 3x dx

Angalia ishara ya kujumlisha iliyo katikati. Imetokana na hasi mbili, moja ya fomula na nyingine ya v. Wengi huipoteza hapa, nasi tutaona baadaye jinsi inavyojifichua.

Raundi ya pili ni ya ile integrali ya kosini. Chagua tena u = e²ˣ, na dv = cos 3x dx. Safari hii v = ⅓ sin 3x, bila hasi:

∫ e²ˣ cos 3x dx = ⅓ e²ˣ sin 3x − ⅔ ∫ e²ˣ sin 3x dx

Integrali ya mwisho upande wa kulia ni I yenyewe. Rudisha yote kwenye mstari wa kwanza, ukitumia mabano ili ile ⅔ izidishe kila kilichomo:

I = −⅓ e²ˣ cos 3x + ⅔ (⅓ e²ˣ sin 3x − ⅔ I)

I = −⅓ e²ˣ cos 3x + (2/9) e²ˣ sin 3x − (4/9) I

Kuanzia hapa kalkulasi imekwisha, imebaki aljebra. Jumlisha (4/9) I pande zote mbili. Kushoto unapata (13/9) I. Zidisha kila upande kwa 9 ili sehemu zitoweke:

13 I = e²ˣ (2 sin 3x − 3 cos 3x)

I = e²ˣ (2 sin 3x − 3 cos 3x) / 13 + C

Mahali pa kusimama na kufikiri ni pale I iliporudi. Ilirudi ikiwa imezidishwa kwa −4/9, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama umefaulu au la. Ninawashauri wanafunzi waizungushie duara kabla ya kuendelea na lolote. Kwa e yenye kipeo ax ikizidishwa na sin bx, namba hiyo hutoka −a²/b² ukiwa umechagua e kuwa u, au −b²/a² ukiwa umechagua sini. Vyovyote iwavyo ni hasi. Ikitoka chanya, kuna kosa la ishara au la uchaguzi juu yake, na huna haja ya kufika mwisho ndipo ulijue.

Chanya ya kwanza utakayokutana nayo ni 1 kamili. Hiyo huja pale unapobadilisha majukumu katikati ya safari. Tuseme raundi ya kwanza ulichagua u = e²ˣ kama sisi, lakini raundi ya pili ukaamua u = cos 3x na dv = e²ˣ dx. Utapata:

∫ e²ˣ cos 3x dx = ½ e²ˣ cos 3x + (3/2) I

Rudisha kwenye mstari wa kwanza:

I = −⅓ e²ˣ cos 3x + ⅓ e²ˣ cos 3x + I

Vipande viwili vya kosini vinafutana, na unabaki na I = I. Hakuna hata hesabu moja iliyokosewa hapo. Ulichofanya ni kuifumua raundi ya kwanza kwa raundi ya pili, ukarudi nyumbani mikono mitupu. Dawa yake ni kurudi kwenye raundi ya pili tu na kuichagua u ya aina ileile ya mwanzo. Raundi ya kwanza usiiguse.

Hapa ndipo inapofaa kuisemea kanuni ya LIATE, ambayo Herbert Kasube aliiandikia makala mwaka 1983 na ambayo wanafunzi wengi huikariri ili wajue kipi kiwe u. Kwa mujibu wake sini hutangulia e, kwa hiyo u ingekuwa sin 3x. Ukiifuata, na ukaendelea na cos 3x kuwa u raundi ya pili, unapata

I = ½ e²ˣ sin 3x − ¾ e²ˣ cos 3x − (9/4) I

na ukihamisha, (13/4) I, kisha jibu lilelile. Kwa hiyo kwa swali la aina hii usipoteze muda kubishana kipi kitangulie. Chagua unachopenda, ila usikigeuke. Mimi napendelea e iwe u kwa sababu kudiferenshieti e²ˣ hakubadilishi ishara, na mbali na ile hasi ya fomula ninabaki na chanzo kimoja tu cha hasi cha kuchunga, yaani sini na kosini.

Chanya ya pili ni +4/9, na hiyo ni ile hasi iliyopotea raundi ya kwanza au ya pili. Ukiihamisha, badala ya 13/9 unapata 5/9, na jibu lako litakuwa na 5 kwenye asili. Hapo hata bila kurudia kazi unaweza kujua kuwa mambo yameharibika, kwa kuwa asili ya jibu sahihi ni a² + b², hapa 4 + 9 = 13. Tano ni 9 − 4. Asili ikitoka tofauti ya vipeo vya pili badala ya jumla yake, rudi ukatafute ishara.

Ukitaka uhakika kamili, diferenshieti jibu. Toa e²ˣ nje na ukusanye sini peke yake na kosini peke yake. Sini zinatoa 4 + 9, yaani 13. Kosini zinatoa −6 + 6, yaani sifuri. Gawanya kwa 13, sin 3x inabaki. Kazi hiyo ni ya mistari miwili.

Kama swali lina mipaka, kuna njia nyingine ya kukagua. Chukua mipaka 0 hadi π/3. Juu, sin π = 0 na cos π = −1, hivyo kipande cha juu ni 3e^(2π/3)/13. Chini, sini ni 0 na kosini ni 1, hivyo ni −3/13. Ukitoa:

3 (e^(2π/3) + 1) / 13 ≈ 2.10

Sasa tumia kanuni ya Simpson kwa vipande viwili tu. Mwanzoni na mwishoni e²ˣ sin 3x ni sifuri. Katikati, kwenye x = π/6, sini ni 1 na e^(π/3) ni kama 2.85. Makadirio ni (π/18) × 4 × 2.85, karibu 1.99. Si sawa na 2.10, lakini ni jirani yake. Yule aliyepata 5 kwenye asili, vipande vingine vikiwa vilevile, angeandika 5.47, na makadirio haya yangemkataa papo hapo. Hakikisha tu kikokotoo kiko kwenye radiani. Kikiwa kwenye digrii, sini ya π/2 au kosini ya π itakupa namba zinazodanganya.

Kuhusu C. Wapo wanaouliza inakuwaje tunaiona I kama namba ya kawaida ilhali kila integrali isiyo na mipaka ina konstanti yake. Jibu ni kwamba pande mbili za mlinganyo ule zinalingana isipokuwa konstanti, na konstanti yoyote ikigawanywa kwa 13/9 inabaki kuwa konstanti. Ndiyo sababu tunaiweka mara moja tu, mwishoni. Kwa swali letu jambo hili halina madhara. Lakini lina mahali pake pa kuuma.

Jaribu ∫ eˣ sinh x dx, ambapo sinh x ni (eˣ − e⁻ˣ)/2. Inafanana sana na swali letu, na mwanafunzi aliyezoea njia hii ataingia moja kwa moja: u = eˣ mara zote mbili, majukumu hayajabadilishwa, ishara zote sahihi. Anapata:

I = eˣ cosh x − eˣ sinh x + I

Namba iliyorudi na I ni 1. Akifuta I pande zote mbili, kushoto kunabaki 0. Kulia, cosh x − sinh x ni e⁻ˣ, na eˣ × e⁻ˣ ni 1. Ameandika 0 = 1. Hakuna kosa la hesabu. I ya kushoto na I ya kulia zimetofautiana kwa konstanti 1, basi, na hakukuwa na namba ya kugawanya ili kuzitenganisha.

Swali hilo linataka njia nyingine: fungua sinh x kwanza. eˣ (eˣ − e⁻ˣ)/2 ni (e²ˣ − 1)/2, na integrali yake ni e²ˣ/4 − x/2 + C. Tazama ile x/2. Kuintegreti kwa sehemu kulikuwa kunatoa eˣ ikizidishwa na sinh au cosh pekee, na vipande hivyo ukivichanganya kwa namba yoyote huwezi kupata x iliyosimama peke yake.